Kohoshi nyeusi, seji na klova nyekundu kwa majoto ya komahedhi: nipo kwenye tamoksifeni, nimeze au nitupe?

#1 Mama_Pacha
Habari zenu wakuu. Nina miaka 47. Nilitolewa uvimbe titi la kushoto, nikapita kemo na mionzi, na sasa ni mwezi wa 18 niko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila siku. Saratani yangu ni ile inayopokea homoni. Hedhi ilikatika katikati ya kemo na haijarudi.

Kinachonitesa ni majoto. Yanaanzia kifuani, yanapanda shingoni, uso unawaka, halafu jasho, halafu baridi. Usiku naamka mara tatu, nne, nabadilisha gauni.

Wifi yangu kaniletea kopo la vidonge vyenye mimea mitatu: kohoshi nyeusi, seji na klova nyekundu. Lebo inasema "asilia, bila homoni". Yeye alimeza mwezi mmoja majoto yakamwisha, ila hajawahi kuugua saratani. Je, kwa mtu kama mimi ni salama? Na inafanya kazi kweli?

#2 Kijana_Msafi
Pole dada. Joto, jasho, baridi, tena usiku? Hiyo ni homa. Kapime damu kwanza kabla ya kumeza majani.

#3 Chausiku
@Kijana_Msafi rudi ukasome swali. Siku mkeo akifika huko utakumbuka uzi huu.

#4 Bibi_Bustani
Mwanangu, meza. Mimea hii ilikuwepo kabla ya viwanda vya dawa. Kohoshi ni mzizi waliokuwa wakiutumia wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, seji imekausha jasho la watu miaka na miaka. Mimi mwenyewe nilikunywa seji wakati wangu, nikakauka kama kuni. Kitu cha asili hakina madhara.

#5 Mwalimu_wa_Zamani
Naheshimu bandiko #4 lakini napinga. Kohoshi nyeusi ina estrojeni ndani yake, na saratani ya Mama_Pacha inalishwa na estrojeni. Ni sawa na kumwagia petroli kwenye makaa. Wote watatu hao ni marufuku. Mjadala ufungwe.

#6 Dawa_na_Lebo
Mjadala usifungwe bado, maana Mwalimu amepatia nusu. Nimefanya kazi ya famasia miaka mingi, nikiwa wadi ya saratani kwa muda mrefu. Kopo hilo moja lina mimea mitatu yenye maswali matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakotupotosha.

Mmea wenye kitu kinachofanana na estrojeni ni klova nyekundu. Ina isoflavoni, jamii ileile iliyomo kwenye soya, na zinashika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na estrojeni, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo "bila homoni" kwenye lebo ni kweli ya kisheria tu: hawakuweka homoni ya binadamu.

Kohoshi nyeusi ilidhaniwa hivyo zamani. Vipimo vya baadaye havikuthibitisha kwamba inatenda kama estrojeni. Maelezo yanayopewa uzito zaidi siku hizi ni kwamba inagusa vipokezi vya serotonini, kule kwenye ubongo panaporekebishwa joto la mwili. Hofu yake kubwa si titi bali ini, nitarudi kwa hilo.

Seji ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu kufanya kazi: mwaka 2006 yalichapishwa majibu ya jaribio la wanawake 351, la mwaka mzima, na kundi mojawapo lilimeza kohoshi miligramu 160 kwa siku. Halikushinda kidonge bandia, yaani kile kisicho na dawa ndani. Kundi lililopewa homoni ndilo lililopata nafuu ya wazi. Hao walikuwa wanawake wa kawaida wa umri huo. Kwa waliougua titi kuna jaribio la mwaka 2001 la wanawake 85, na 59 kati yao walikuwa kwenye tamoksifeni kama wewe. Baada ya miezi miwili majoto yalipungua kwa waliomeza kohoshi, na yakapungua vilevile kwa waliomeza kidonge kisicho na kitu.

#7 Wifi_Mtu
Mimi siye wifi wa kwenye stori hahaha, ila nipo upande wake. Nilitumia klova nyekundu, majoto kumi kwa siku yakawa matatu. Mnataka kuniambia nilikuwa naota?

#8 Dawa_na_Lebo
Hukuota, yalipungua kweli. Ninachouliza ni nani aliyeyapunguza. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la klova kwa wanawake 252, wiki 12. Waliomeza kidonge bandia walipungukiwa na majoto kwa zaidi ya theluthi moja. Waliomeza klova waliishia karibu palepale, ila aina moja ya klova iliwafikisha hapo mapema kidogo. Ndiyo maana ushuhuda wa "mwezi mmoja na yakaisha" haunisaidii kuamua, hata ukitoka kwa mtu mkweli kabisa.

#9 Mzee_Kiti_Moto
Samahani kuingilia mambo ya akina mama. Mimi ni mwanaume, miaka 69, nachomwa sindano ya kushusha homoni kwa ajili ya tezi dume. Napandwa na majoto kama mnayoyasema, mpaka kanisani najipepea na kitabu cha nyimbo. Je, hiyo seji inafaa kwa wanaume?

#10 Chausiku
Karibu chamani mzee 😂

#11 Nesi_Mstaafu
Mzee hajapotea njia. Homoni ikishushwa ghafla, ya kike au ya kiume, kile kidhibiti joto cha ubongoni kinakuwa na wasiwasi: joto likipanda kidogo tu kinaamuru mwili umwage jasho.

Kuhusu seji, utafiti unaonukuliwa kila mahali ni wa Uswisi, mwaka 2011. Wanawake 71 walimeza vidonge vya seji mbichi wiki nane, na majoto yakapungua kwa nusu katika wiki nne za kwanza. Unavutia, lakini haukuwa na kundi la kidonge bandia, na mmeshaona kwenye #8 kidonge bandia peke yake kinafika wapi. Tena haikuwa kwa watu wenye historia ya saratani ya titi.

Nilichowahi kukiona kwa macho ni mama aliyemeza mafuta ya seji, yale ya kunukia, matone kwenye kijiko, akapata degedege. Seji ina thujoni, na thujoni ikizidi inachokoza ubongo. Majani kwenye chai na mafuta yaliyokamuliwa si kitu kimoja. Mwenye kifafa akae mbali na vyote viwili kama dozi ni za dawa.

#12 Bibi_Bustani
Mimi nilikunywa majani, si mafuta. Hayo mafuta ni tamaa ya watu wa siku hizi.

#13 Nesi_Mstaafu
Hapo tuko pamoja, Bibi.

#14 Kipepeo77
Naomba niseme la ini kabla Dawa_na_Lebo hajarudi, maana lilinipata. Nilimaliza matibabu ya titi, nikawa kwenye tamoksifeni, nikaanza kohoshi nyeusi bila kumwambia mtu. Wiki ya sita nikawa nachoka ovyo, chakula sikitaki, nikadhani ni kazi. Halafu mwili ukaanza kuwasha bila upele. Halafu mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Dada yangu ndiye aliyeniambia macho yako ya njano.

Vipimo vya ini vilikuwa juu sana. Waliniuliza unatumia nini, nikajibu tamoksifeni tu. Sikuitaja kohoshi kwa sababu kichwani mwangu haikuwa dawa! Siku ya tatu ndipo nikalitoa kopo kwenye mkoba. Nikaacha, na baada ya miezi miwili hivi vipimo vikarudi sawa.

#15 Mwalimu_wa_Zamani
Basi ushahidi ndio huo. Kohoshi inaua ini.

#16 Dawa_na_Lebo
Pole sana Kipepeo. Ila Mwalimu, taratibu. Matukio kama hayo yameripotiwa katika nchi kadhaa, na tangu 2006 Uingereza na Australia zimetaka makopo ya kohoshi yawe na onyo la ini. Ni nadra ukilinganisha na idadi ya wanaoimeza. Mabishano ni juu ya sababu. Wapo wanaosema mzizi wenyewe ndio unaowaka kwa watu wachache. Wapo wanaosema tatizo ni makopo yenye mzizi usio wenyewe, kwa sababu ndugu zake wa Asia wamekutwa ndani ya vidonge vilivyoandikwa kohoshi nyeusi. Na kwa Kipepeo kuna mshukiwa wa tatu: tamoksifeni nayo huweza kuchokoza ini.

#17 Kipepeo77
Daktari wangu alisema hivyohivyo. Ila tamoksifeni niliendelea nayo baadaye na ini halikusumbua tena. Mimi nimeshahukumu.

#18 Mchumi_wa_Maneno
Au kopo lilikuwa bovu. Hukulipima.

#19 Kipepeo77
Nilitupa chooni kwa hasira. Ndiyo, kosa langu.

#20 Mama_Pacha
Asanteni, nasoma yote. Nimegeuza kopo, nyuma pameandikwa "mchanganyiko maalumu miligramu 500" halafu majina: Cimicifuga racemosa, Salvia officinalis, Trifolium pratense, na la nne Hypericum perforatum. Hakuna kiasi cha kila kimoja. Hilo la nne ni nini?

#21 Dawa_na_Lebo
Ndio maana nimejiita jina hili. Cimicifuga ni kohoshi nyeusi kwa jina la zamani, ukikuta Actaea racemosa ni mmea huohuo. La nne, Hypericum, ndilo linalonitisha kuliko yote matatu uliyouliza. Ni mmea unaouzwa kwa huzuni na usingizi, na huwekwa na kohoshi kwenye vidonge vya komahedhi. Unaliamsha ini lisage dawa haraka kuliko kawaida, hivyo dawa nyingine hupungua nguvu mwilini bila wewe kuhisi chochote. Tamoksifeni imo kwenye orodha ya zinazoweza kuguswa.

Na hapo ndipo ubaya ulipo: majoto ukiyapata unayasikia, lakini tamoksifeni ikipungua nguvu huisikii. Huna dalili ya kukuonya.

#22 Mwalimu_wa_Zamani
Nilisikia kohoshi nayo inaizuia tamoksifeni kugeuzwa kuwa ile yenye nguvu. Si kweli?

#23 Dawa_na_Lebo
Swali zuri. Tamoksifeni unayomeza si askari kamili. Kimeng'enya cha ini, CYP2D6, kinasaidia kuigeuza kuwa endoksifeni, na huyo ndiye anayepigana. Paroksetini, dawa ya huzuni, inakifunga kimeng'enya hicho vibaya, kwa hiyo haipendekezwi kwa aliye kwenye tamoksifeni. Kohoshi ilipojaribiwa kwa watu wenye afya ilikigusa kidogo mno, kiasi ambacho hakikuonekana kuwa na maana kwa mgonjwa. Hilo silo ambalo lingeninyima usingizi.

#24 Wifi_Mtu
Turudi kwenye klova. Nasikia watu wanaokula soya nyingi wana nafuu kwenye saratani ya titi. Sasa iweje isoflavoni ya soya iwe rafiki na ya klova iwe adui?

#25 Nesi_Mstaafu
Umegusa penyewe. Shanghai walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliopona titi, matokeo yakatoka 2009: waliokula soya zaidi walirudiwa na ugonjwa kwa kiasi kidogo zaidi. Upande wa pili, panya waliopandikizwa uvimbe wa titi la binadamu, wakapewa tamoksifeni pamoja na jenisteini, ambayo ni isoflavoni mojawapo, uvimbe wao haukuzuiliwa vizuri kama wa waliopewa tamoksifeni peke yake.

Wengine wanasema isoflavoni inakaa kwenye kiti cha estrojeni, hivyo estrojeni halisi inakosa pa kukaa. Wengine wanasema mwanamke ambaye estrojeni yake imeshaisha hana wa kuzuiwa, kwa hiyo hata estrojeni dhaifu inakuwa ndiyo pekee iliyomo nyumbani. Mimi naona chakula cha utotoni mpaka uzee si sawa na dondoo iliyokolezwa ndani ya kidonge, lakini sitajifanya nimemaliza ubishi.

#26 Chausiku
Na sisi wa letrozoli je?

#27 Dawa_na_Lebo
Letrozoli kazi yake ni kukausha estrojeni mpaka ibaki karibu na sifuri. Kisha umeze klova yenye kitu kinachoiga estrojeni? Mimi nisingefanya, hata kama hakuna aliyenionyesha kwamba inarudisha ugonjwa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kuhusu saratani ya titi ya mapema unasema waziwazi wasipewe soya ya vidonge, klova nyekundu wala kohoshi nyeusi kwa ajili ya majoto.

Kwa haki niseme na upande wa pili: Ujerumani walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa titi zaidi ya 18,000, na waliotumia kohoshi hawakuonekana kurudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao. Ila ni kumbukumbu za nyuma, na huenda waliochagua kohoshi walitofautiana na wenzao tangu mwanzo.

#28 Mkulima_Msomi
Naongeza moja: klova inayeyusha damu. Ng'ombe walikufa Amerika Kaskazini kwa kula klova iliyooza, ndipo ikapatikana warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

#29 Nesi_Mstaafu
Ng'ombe ni kweli, ila ile ni klova tamu, Melilotus, ndugu wa mbali, tena iliyovunda. Hii nyekundu si yenyewe. Hata hivyo mtu wa warfarini asiimeze bila damu yake kufuatiliwa.

Mama_Pacha, kabla hujaamua chochote fanya hivi. Chukua daftari, wiki moja bila kumeza kitu kipya. Kila joto liandike na ulipe alama: hafifu 1, la kati 2, kali 3, la kupita kiasi 4. Jumlisha kila siku. Kuhesabu idadi peke yake kunadanganya, maana mtu anaweza kubaki na majoto manane lakini yote yawe mepesi.

#30 Mama_Pacha
Naanza leo.

#31 Mzee_Kiti_Moto
Na mimi. Hamjanijibu kuhusu seji.

#32 Mama_Pacha
Wakuu nimerudi, ni wiki tatu. Kopo bado limefungwa.

Siku ya kawaida ya wiki ya kwanza ilikuwa majoto 9: hafifu 3, ya kati 4, makali 2. Yaani 3 na 8 na 6, jumla 17. Wiki hii siku ya kawaida ni majoto 8: hafifu 4, ya kati 4, makali hakuna. Jumla 12. Sijameza kitu! Ningekuwa nimeanza kopo la wifi siku ile, leo ningekuja hapa kuapa kwamba linafanya kazi.

#33 Wifi_Mtu
Mmh. Hii imeniuma kidogo.

#34 Mwalimu_wa_Zamani
Ni mwili kuizoea tamoksifeni. Lazima.

#35 Chausiku
Baada ya miezi 18 ndio uizoee leo? Ni daftari. Ukiandika unatulia, ukitulia majoto yanapungua.

#36 Mchumi_wa_Maneno
Hapana, uliuliza wakati wa hali mbaya kuliko kawaida. Nani anaanzisha uzi siku njema? Baada ya kilele kuna mteremko, bila dawa wala daftari.

#37 Mama_Pacha
Inawezekana yote. Pia niliacha kahawa ya jioni, nisifiche.

Jana nilikwenda kliniki na kopo lenyewe mkononi. Daktari alipoona Hypericum akalisogeza pembeni ya meza. Alisema kwa kuwa bado naamka usiku tunaweza kujaribu venlafaksini kwa dozi ndogo, kwa sababu haikifungi kile kimeng'enya kama paroksetini, au gabapentini jioni kama tatizo ni usingizi zaidi. Nimeomba wiki mbili nifikiri. Alama 12 naweza kuishi nazo, 17 hapana.

#38 Kipepeo77
Umefanya nisichofanya mimi, kupeleka kopo. Wifi umemwambiaje?

#39 Mama_Pacha
Nimemwambia lina mmea wa nne. Akaenda kusoma lake, akakuta lake halina. Kopo tofauti, jina lilelile mbele. Sasa tumekaa tunatazamana.

#40 Dawa_na_Lebo
Toleo jipya labda. Mwambie naye kama ana dawa nyingine yoyote aitaje hapa.

#41 Mama_Pacha
Anameza za presha. Nitamuuliza jina.

#42 Nesi_Mstaafu
Mzee_Kiti_Moto, samahani tulikuacha. Kikombe cha chai ya majani ya seji si tatizo kwa wengi, mradi huna kifafa na humezi dawa za sukari zinazokushusha sana, kwa kuwa seji nayo huweza kushusha. Kama itakupunguzia majoto sikuahidi. Daftari umeanza?

#43 Mzee_Kiti_Moto
Nimeanza. Jana 11. Joto moja nimeliandika 4, lilinipata katikati ya mahubiri.